Ukumbi ukivunja ahadi: nilivyodai arubuni yote na gharama zake

Tangu kesi yangu iishe nimeulizwa swali moja na wenzangu wa kazi hii ya kuandaa hafla, na pia na akina mama wenye harusi zao mbele: ukumbi ukikataa dakika za mwisho, mtu anaweza kudai nini hasa? Wengi huchukua arubuni yao iliyokatwa wakashukuru kwamba walau kidogo kimerudi. Wengine hutaka kila kitu, mpaka fidia ya aibu, halafu wakikosa huona mahakama imewaonea. Nimeona nieleze hapa hesabu yenyewe, kwa kutumia mkasa wangu, maana nilikosea mahali na nikapatia mahali. Ukumbi sitautaja. Aliyeko Mombasa asijaribu kuubahatisha, kwani kumbi zenye tabia hii si moja.

Kazi yenyewe ilikuwa usiku wa kupamba, Jumamosi ya mwezi wa Agosti, wageni mia tatu. Mwezi wa Machi nilikodi ukumbi upande wa Kizingo kwa shilingi 240,000, viti vikiwemo. Nikalipa nusu, shilingi 120,000, kwa M-Pesa, na tukatia saini karatasi ya kurasa mbili. Mkataba ulikuwa kwa jina langu, si kwa jina la mama wa bibi harusi. Mimi nilikuwa nimekubaliana na familia bei moja ya kazi nzima, ukumbi, mapambo na usafiri, na wao walishanilipa sehemu kubwa. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Siku kumi na sita kabla ya hafla, meneja akanipigia simu. "Dada, tumepata hitilafu ya umeme ukumbini. Mafundi wasema hatutawahi. Chagua tarehe nyingine, au tukurudishie pesa zako tukitoa asilimia 25 ya usimamizi." Yaani katika 120,000 nirudishiwe 90,000. Nilipomwambia kwamba kadi zimeshagawanywa na tarehe ya harusi haihamishiki kama mkeka, akanisomea kipengele cha mkataba: arubuni hairudishwi.

Jambo la kwanza ni kukisoma kipengele chenyewe, si kusomewa. Nilipofungua karatasi yangu nikakuta maneno haya: mteja akivunja tarehe chini ya siku 60, arubuni hairudishwi, akivunja kabla ya hapo, atakatwa asilimia 25. Vyote viwili vinaanza na neno mteja. Hakuna mstari hata mmoja uliosema ukumbi ukivunja wenyewe utabaki na chochote. Wazee wetu walipotumia neno arubuni walijua vyema maana yake. Ni fedha ya kumfunga mnunuzi asibadili nia bure, na akigeuka anaiacha. Muuza naye ameipokea kwa kuahidi kwamba kitu kimewekwa. Akigeuka yeye, ameibakisha kwa haki gani? Sheria ya mikataba inayotumika Kenya inafika hapo hapo kwa njia yake: fedha iliyolipwa kwa ajili ya jambo ambalo halikutolewa hata kidogo, inarudi. Asilimia 25 ya usimamizi ilikuwa adhabu ya mteja anayejitoa, na mimi sikujitoa.

Kwa hiyo sehemu ya arubuni ilikuwa nyepesi. Uzito ulikuwa kwenye zile gharama nyingine, na huko neno lililotaka kuniangusha lilikuwa lile la meneja: hitilafu ya umeme.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo madai mengi ya kumbi yanapofia. Iko kesi ya zamani ya Uingereza, Taylor dhidi ya Caldwell, iliyoamuliwa mwaka 1863, na kanuni yake ndiyo iliyotufikia huku. Watu walikodi ukumbi wa muziki uitwao Surrey Gardens, London, kwa siku nne, paundi 100 kila siku. Siku chache kabla ya onyesho la kwanza ukumbi ukateketea kwa moto, bila kosa la mtu yeyote. Waliokodi wakadai fedha walizotumia kutangaza na kujiandaa. Wakakosa. Mahakama ilisema ukumbi wenyewe kuwepo ndio msingi wa makubaliano, na ukiangamia bila kosa la upande wowote, kila mmoja ameachiliwa na ahadi yake. Baadaye, mwaka 1943, ikatungwa sheria ya kusawazisha hali hiyo, nayo imeingizwa katika Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23. Kwa sheria hiyo, mkataba ukikwama bila kosa la mtu, fedha iliyolipwa hurudishwa, ila mahakama yaweza kumruhusu aliyeipokea abakishe sehemu ya gharama alizokwisha tumia kwa kazi hiyo. Gharama za mwenye hafla, zile za kadi na mapambo na kuhangaika, hubaki kwake.

Unaona basi tofauti. Ukumbi ukiungua au ukifurika bila uzembe, unarudishiwa arubuni, pengine imepungua kidogo, na mengine unayameza. Ukumbi ukiamua kukuacha, huo ni uvunjaji wa mkataba, na gharama zako zinaingia mezani. Ndiyo maana kumbi hupenda kusema "hitilafu". Na ndiyo maana swali la kwanza la mwenye kudai haliwi "nimepoteza kiasi gani", bali "kwa nini hasa wamevunja, na nitalithibitishaje?"

Mimi nilibahatika. Mpwa wangu aliona tangazo kwenye simu: chakula cha usiku cha kampuni fulani, siku ile ile, ukumbi ule ule. Akanitumia picha ya tangazo lile. Jumamosi yenyewe, nikiwa njiani kwenda Mtwapa ambako nilipata ukumbi mwingine, nilimwomba dereva apitie Kizingo. Taa zilikuwa zinawaka zote, magari yamejaa mpaka barabarani, na muziki unapigwa. Nikapiga picha tatu kutoka ng'ambo ya barabara, moja ikionyesha bango la mlangoni lenye tarehe. Sikuingia wala sikugombana na mlinzi. Picha hizo tatu zilikuja kuwa na thamani kuliko maneno yote niliyosema mahakamani.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo jingine ambalo nawasihi wote walifanye. Simu ya meneja ilipokatika tu, nilimwandikia ujumbe wa WhatsApp: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo saa tano asubuhi, kwamba ukumbi umevunja nafasi yangu kwa sababu ya hitilafu ya umeme, na kwamba mimi sijavunja. Naomba mnithibitishie kwa maandishi." Akajibu, "Ndiyo dada, samahani sana." Maneno manne. Bila hayo angeweza kusimama mbele ya mwamuzi akasema mimi ndiye niliyeghairi.

Sasa hesabu. Usiku ule nilikaa nikaandika kila kilichoniuma. Nilifika shilingi laki saba na ushei. Asubuhi nikaenda kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukata.

"Hii 200,000 ni ya nini?"

"Jina langu, mjomba. Watu wameongea."

"Mwanangu, hapa hudai machozi, wadai hasara. Nani aliyekuondolea kazi kwa sababu ya jambo hili? Unaye? Una barua yake?" Sikuwa naye. Akakata.

Akakata pia shilingi 18,000 za mabasi ya familia ya bibi harusi. Niliteta sana hapo, kwa sababu fedha zilitoka kweli. Lakini zilitoka mfukoni mwa nani? Za familia. Na familia haikuwa na mkataba na ukumbi. Mimi ndiye niliyekuwa nao. Mdai hudai hasara yake mwenyewe. Kama ningekuwa nimewarudishia familia zile 18,000, na nina stakabadhi, basi zingekuwa hasara yangu na ningeweza kujaribu kuzidai. Sikuwarudishia, wala wao hawakuniuliza. Ndiyo sababu nilisema mkumbuke mkataba uko kwa jina la nani. Ukiwa mwandalizi na umemwacha mteja wako atie saini mwenyewe na ukumbi, wewe huna la kudai, ni yeye. Na ukitia saini wewe, basi hakikisha hasara zimepita kwako, kwa karatasi.

Kipimo alichonipa mjomba kwa yaliyobaki kinatoka kwenye kesi nyingine ya Uingereza, Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, kuhusu kinu kilichosimama kwa sababu mchukuzi alichelewesha mtaimbo wa mashine. Kwa lugha yetu: unadai hasara inayotokana na uvunjaji wenyewe kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu siku ya kutia saini kwamba inaweza kutokea. Ukumbi wa harusi unajua kwamba mteja atachapisha kadi zenye jina la ukumbi. Unajua atatafuta ukumbi mwingine akiachwa. Haujui, kwa mfano, kwamba shangazi yako amekata tikiti ya ndege kutoka Maskati, ila kama uliwaambia na wakakubali kwa kulijua hilo.

Tukaanza na tofauti ya bei. Ukumbi wa Mtwapa ulinigharimu 295,000. Nilikuwa nimeandika 295,000 yote kwenye madai yangu, juu ya ile arubuni ya 120,000. Mjomba akacheka. Kama mambo yangekwenda sawa, ningelipa 240,000 hata hivyo. Sheria inajaribu kuniweka pale ningekuwa kama ahadi ingetimizwa. Hainipi ukumbi wa bure. Kwa hiyo arubuni yangu irudi, maana sikupata kitu kwayo, na juu yake nidai ile ziada tu: 295,000 kutoa 240,000, ni 55,000. Lakini hapo hapo akaniuliza kama kumbi hizo mbili zilitoa vitu sawa. La. Kizingo viti vilikuwemo; Mtwapa nilikodi viti 300 kwa shilingi 40 kila kimoja, 12,000. Basi ziada ya kweli ikawa 67,000. Kuna wanaopunjika hapa bila kujua, kwa sababu wanalinganisha bei mbili za juu juu bila kutazama ndani yake mna nini.

Kadi. Tulichapisha kadi 300 kwa shilingi 90, jumla 27,000, zikiwa na jina la ukumbi na ramani yake mgongoni. Tukachapisha nyingine 300 kwa bei ile ile. Mimi nilidai zote mbili, 54,000. Haiwezekani. Kadi za mara moja ningezilipia hata kama pasingekuwa na tatizo. Unadai zile zilizopotea au zile za pili, si zote. Ikabaki 27,000.

Fremu ya jukwaa. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshatengeneza fremu ya chuma kwa vipimo vya jukwaa la Kizingo, 32,000. Jukwaa la Mtwapa lilikuwa fupi. Je, nidai 32,000? Ningefanya hivyo kama fremu ingetupwa. Lakini fundi aliikata akaiunga upya kwa 9,000, na fremu ninayo mpaka leo na nimeitumia katika harusi nyingine. Mtu aliyevunjiwa mkataba ana wajibu wa kupunguza hasara yake kadiri ya kawaida. Anachoweza kuokoa akiokoe, na adai gharama ya kuokoa. Ikawa 9,000.

Usafiri wa vifaa. Lori la kwenda Kizingo nilikuwa nimeahidiwa 8,000, la Mtwapa likawa 15,000. Ziada, 7,000.

Jumla ikawa 120,000 ya arubuni, 67,000 ya tofauti ya ukumbi na viti, 27,000 ya kadi, 9,000 ya fremu na 7,000 ya lori: shilingi 230,000. Imepungua takriban theluthi mbili kutoka hesabu yangu ya usiku, lakini kila shilingi ilikuwa na pa kusimama. Au ndivyo nilivyodhani.

Barua ya kudai niliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Haina haja ya maneno makali. Ilitaja tarehe ya mkataba, kiasi nilicholipa na namba ya muamala wa M-Pesa, siku na njia waliyovunja, kisha ile hesabu mistari mitano, kisha maneno haya: "Nataka kulipwa shilingi 230,000 kwa ukamilifu ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Muda huo ukipita nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa bila taarifa nyingine, nikidai pia riba na gharama za kesi." Nikaambatisha nakala za stakabadhi. Nikaipeleka kwa mkono, karani wao akagonga muhuri kwenye nakala yangu, na nikaituma pia kwa barua pepe iliyokuwa kwenye ankara yao.

Barua hiyo nilikaribia kuielekeza kwa jina lililoandikwa kwenye kibao cha ukumbi. Kibao si mtu wa kushtakiwa. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha fedha zimepokewa na kampuni yenye jina tofauti kabisa. Unaweza kuomba taarifa za kampuni, ile hati iitwayo CR12, kupitia eCitizen, ukamjua mmiliki na wakurugenzi. Ukifungua madai dhidi ya jina la kibaoni tu, unaweza kushinda na usipate wa kumkamata.

Siku ya kumi na mbili simu yangu ikalia: 120,000 zimeingia. Ukafuata ujumbe: "Tumekurudishia arubuni yote kama hisani. Hesabu yetu imefungwa. Tafadhali tia saini fomu hii." Fomu ilisema nimepokea malipo kamili na sina dai jingine lolote. Hapa ndipo pa kusimama na kuvuta pumzi. Fedha ni zako, zipokee. Fomu usiisaini kama bado unadai. Ukishatia saini kwamba umeridhika, umefunga mlango kwa mkono wako, na mwamuzi hatakufungulia. Niliwajibu kwa maandishi siku ile ile: "Nimepokea 120,000 kama sehemu ya deni la 230,000. Salio ni 110,000. Sikubali kwamba hesabu imefungwa." Kukaa kimya pia si vizuri, maana watakuja kusema kimya kilikuwa kukubali.

Salio hawakulipa, nikaenda mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya mwaka 2016, na tangu marekebisho ya 2020 inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria yake inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa madai, na kanuni kali za ushahidi za mahakama nyingine hazibani hapo. Hati hufunguliwa kwa mtandao wa mahakama. Kama mtandao unakutatiza, nenda kwenye ofisi ya usajili ukaombe msaada. Dai lako likizidi milioni moja, itabidi uende mahakama ya hakimu, ama ukubali kuacha kile kinachozidi. Dai la mkataba kwa kawaida lina miaka sita kabla ya kupitwa na wakati, lakini usingoje. Picha hupotea kwenye simu na mameneja huhama kazi.

Kumbi zina mawakili. Wa kwao alikuja na hoja mbili. Ya kwanza, hitilafu ya umeme. Nikatoa tangazo la chakula cha kampuni na zile picha tatu. Mwamuzi aliuliza swali moja tu, umeme ulitengenezwa lini na fundi gani, na kuna ankara yake. Hawakuwa nayo. Hoja hiyo ikaishia hapo.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kwamba nilikodi ukumbi bora kuliko wao, wenye viyoyozi, ili niwalipishe wao anasa. Hoja hiyo huwaangusha wengi, kwa sababu kweli mtu akiachwa na wa bei ya kati akakimbilia wa ufukweni, hatalipwa tofauti yote. Nilichokuwa nacho ni majibu ya kumbi nne nilizoziuliza wiki ile ile, yote kwenye simu. Mbili zilikuwa zimejaa. Moja ilikuwa 265,000 lakini uwezo wake watu mia mbili. Ya nne ni ile ya Mtwapa. Mwamuzi akasema mtu mwenye wageni mia tatu waliokwisha alikwa hawezi kuambiwa achukue ukumbi wa mia mbili, na kwamba viyoyozi vilikuja na ukumbi, sikuvichagua. Zile 67,000 nikapewa zote. Kadi nazo, 27,000, ingawa wakili alisema ningetuma ujumbe wa simu tu. Mwamuzi aliitazama ile kadi yenye ramani ya Kizingo mgongoni, akasema mgeni aliye na hii atakwenda Kizingo.

Fremu nilikosa. Kikaratasi cha fundi hakikuwa na tarehe, jina wala namba ya simu, na fundi mwenyewe sikumleta. Alikuwa Malindi kwa kazi, nami nikadhani 9,000 ni kitu kidogo, haitabishaniwa. Ilibishaniwa. Lori pia nilikosa, na hilo lilinifunza zaidi. Stakabadhi ya 15,000 nilikuwa nayo safi. Ile ahadi ya 8,000 ilikuwa ya mdomo, tuliipatana na dereva barazani. Kwa kuwa nilikuwa nikidai tofauti, nilipaswa kuthibitisha ncha zote mbili za ile tofauti, na mimi nilikuwa na moja. Siku hizi kila bei ninayopewa, hata ya mkokoteni, naomba niandikiwe kwenye simu.

Hukumu ilitoka wiki ya saba: shilingi 94,000, riba tangu siku ya kufungua madai, na ada nilizolipa mahakamani. Ukumbi ulikuwa na nafasi ya kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu, wala si kwa kubishana upya juu ya picha na kadi. Hawakukata. Walilipa kwa mafungu mawili, la pili baada ya mimi kuwaandikia kwamba naomba mahakama ruhusa ya kukamata mali kwa dalali. Hiyo ni njia halali ukikaliwa kimya, lakini dalali naye ana ada zake, kwa hiyo barua moja kwanza si hasara.

Mkataba wangu na kumbi sasa una mstari mmoja ambao nauongeza kwa kalamu kabla ya saini, na meneja anaweka saini fupi pembeni yake: ukumbi ukivunja nafasi kwa sababu yoyote isiyokuwa ajali isiyozuilika, utarudisha arubuni yote ndani ya siku saba na kulipa tofauti ya bei ya ukumbi mwingine wa ukubwa huo pamoja na gharama za kuchapisha kadi upya. Meneja wawili wamekataa kuutia saini. Huko sikupeleka harusi.